Folda Tupu, Flashi Imejaa

Flashi ilikuwa ya GB 16, na ndani yake kulikuwa na folda iitwayo MAHAFALI. Mwalimu aliyekuja nayo alikuwa amehamishia humo picha 210 za mahafali ya kidato cha nne kutoka kwenye kadi ya kamera, kwa kompyuta ya ofisi ya shule. Kidirisha cha kuhamisha mafaili kilipojifunga, akachomoa flashi papo hapo na kuiwahisha kwenye duka la kusafisha picha. Huko ikachomekwa na kufunguliwa. Folda ipo, jina lake lipo, ila ndani hamna hata picha moja. Kijana wa duka akamwambia, "Mwalimu, hii tuifomati tu, itakaa sawa." Mwalimu akakataa, na kukataa huko ndiko kulikookoa picha za watu.

Tulichokitazama kwanza ni hesabu. Ukibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya flashi na kuchagua Properties, Windows hukuonyesha nafasi iliyokwisha kutumika. Flashi hii ilionyesha GB 3.1. Tukaifungua, tukachagua kila kilichoonekana ndani yake, tukatazama Properties ya hivyo vyote kwa pamoja: GB 1.9. Pengo ni GB 1.2. Picha za kamera ile zilikuwa na wastani wa MB 5.7 kila moja, na ukizidisha mara 210 unapata hiyo hiyo GB 1.2. Picha zilikuwa bado zimekalia nafasi yake. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia.

Ili tuelewe njia hiyo hupotea vipi, tuanze na folda yenyewe. Folda haibebi picha. Ni orodha fupi tu, mfano wa daftari la mapokezi kwenye gesti: limeandikwa jina la mgeni na namba ya chumba, na wageni wenyewe wako vyumbani. Daftari likiwa jeupe, mpita njia atadhani gesti haina mtu, ilhali vyumba vimejaa.

Flashi nyingi za ukubwa huu zimepangwa kwa mfumo uitwao FAT32. Humo nafasi yote imekatwa vipande vya kulingana viitwavyo klasta, na katika flashi ya GB 16 iliyofomatiwa na Windows, klasta moja kwa kawaida ni KB 8. Folda mpya hupewa klasta yake moja ya kuandikia orodha. Kila mstari wa orodha hiyo una baiti 32 zenye jina la faili, ukubwa wake, tarehe, na namba ya klasta ambako faili linaanzia. Kwa hiyo klasta moja inatosha mistari 256, na picha 210 zenye majina mafupi kama IMG_0412.JPG zinaenea bila shida.

Folda inapozaliwa, kompyuta huandika mistari miwili tu, mmoja wa folda yenyewe na mwingine wa folda iliyo juu yake, kisha hujaza sifuri sehemu yote iliyobaki. Na hapa pana kanuni ya FAT ambayo watu wengi hawaijui: mstari ukianza na baiti ya sifuri, maana yake orodha imeishia hapo. Kompyuta haisomi tena chini yake. Basi folda yoyote ambayo orodha yake imebaki katika hali ile ya kuzaliwa itafunguka vizuri kabisa, bila onyo wala kelele, na itaonekana tupu. Ndiyo sababu mtu hudhani mafaili yamefutwa. Mfumo hauoni kosa lolote, unasoma orodha fupi iliyo sahihi.

Sehemu ya pili ya kumbukumbu ni jedwali la FAT lenyewe. Picha ya MB 5.7 haiingii kwenye klasta moja. Inahitaji zaidi ya 700. Orodha ya folda hutaja klasta ya kwanza tu, na jedwali ndilo linalosema baada ya hii inafuata ipi, hadi mwisho wa faili. Huo ndio mnyororo wa faili. Jedwali hili huandikwa mara mbili, nakala mbili zilizofuatana, kwa tahadhari. Orodha ya folda haina nakala ya pili.

Sasa fikiria kazi iliyofanyika pale ofisini. Kila picha iliandikwa mara moja katika klasta zake na kuachwa. Lakini orodha ya MAHAFALI, ile klasta moja ya KB 8, iliguswa upya kwa kila picha iliyoingia. Kompyuta haipendi kuandika kitu kimoja mara mia mbili, kwa hiyo hukishika katika RAM na kukipeleka kwenye flashi kwa vipindi. Kidirisha cha kuhamisha kinaweza kujifunga wakati sehemu ya mwisho ya kazi bado iko RAM. Hata ikitoka RAM haijafika salama. Ndani ya flashi mna kompyuta ndogo, kidhibiti, ambayo haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani moja kwa moja. Huandika toleo jipya mahali pengine, kisha hubadilisha kumbukumbu zake za ndani ili zielekeze huko. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo, toleo la zamani linaweza kubaki ndilo linaloonekana. Kwa flashi ya mwalimu siwezi kuapa ni ipi kati ya njia hizi mbili iliyotokea, kwa sababu alama zinazobaki ni zilezile. Orodha ilibaki ya zamani, picha na minyororo yake zikawa zimekwisha kuandikwa.

Microsoft waliliona tatizo hili. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, mwaka 2018, diski za nje huwekwa katika hali iitwayo Quick removal, ambayo hupunguza kuhifadhi mambo RAM. Lakini kompyuta inaweza kuwa imebadilishwa kuwa Better performance, kama ile ya ofisi ya shule ilivyokutwa, na hapo kuchomoa bila kubonyeza Eject ni hatari kweli. Wanaotumia Linux wawe waangalifu zaidi: mfumo huo hushika maandishi RAM kwa kawaida hadi nusu dakika, na flashi ikiwa ya polepole, data nyingi inaweza kuwa bado njiani baada ya kidirisha kutoweka.

Kabla ya kuhukumu kwamba orodha imeharibika, ondoa kwanza shaka ya virusi. Kwenye kompyuta za maduka ya stesheneri vimezagaa virusi vinavyoficha mafaili na kuweka njia za mkato mahali pake, na mwenye flashi huona utupu uleule. Fungua Command Prompt na uandike amri hii, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

```
dir /a E:\MAHAFALI
```

Amri hii huonyesha hata vilivyofichwa. Majina ya picha yakijitokeza, basi yamefichwa tu, na dawa yake ni hii:

```
attrib -h -s -r E:\*.* /s /d
```

Kwa mwalimu wetu, `dir /a` ilileta mistari miwili peke yake, yaani nukta moja na nukta mbili. Hiyo ndiyo folda iliyobaki katika hali ya kuzaliwa.

Kuanzia hapa flashi isiandikwe kitu. Usinakili faili lolote ndani yake, usiichomeke kwenye redio ya gari au televisheni, usiifomati. Windows ikisema kwamba diski ina tatizo na kukuwekea kitufe cha kurekebisha, funga ujumbe huo kwanza. Ikisema `You need to format the disk in drive E: before you can use it`, chagua Cancel. Kitufe cha kurekebisha si kibaya chenyewe, ila hubadilisha flashi yako ya pekee kabla hujawa na akiba ya kurudia.

Akiba hiyo ni nakala kamili ya flashi nzima, baiti kwa baiti, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Kunakili mafaili kwa kawaida hakusaidii hapa, maana picha tunazozitafuta hazimo katika orodha yoyote. Kwenye Windows, programu ya bure iitwayo Win32 Disk Imager inatosha. Chagua herufi ya flashi, andika mahali pa kuweka nakala, mathalani `D:\mahafali.img`, kisha bonyeza Read. Soma kitufe hicho mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu jirani yake ni Write, na hicho hufanya kinyume: huandika juu ya flashi na kufuta kila kitu. Nakala itachukua karibu GB 15 za kompyuta yako, hata kama flashi ina picha chache, na kwa mwendo wa MB 25 kwa sekunde itamalizika kwa takribani dakika 10.

Ikiwa usomaji unakwama au kompyuta inalalamika njiani, tatizo limevuka orodha, flashi yenyewe inaanza kufa. Hapo tumia Linux na `ddrescue`, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na kurudia zile ngumu baadaye:

```
lsblk
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb mahafali.img mahafali.map
```

Amri ya kwanza ni ya kukuonyesha flashi inaitwaje katika kompyuta yako. Usiikisie. Ukikosea jina utanakili diski nyingine.

Nakala ikishapatikana, tulifunga madirisha yote ya flashi na kuikagua bila kubadilisha chochote:

```
chkdsk E:
```

Bila nyongeza yoyote, `chkdsk` husoma na kutoa ripoti tu. Mstari wa mwanzo hutaja mfumo wa flashi, na huo uandike pembeni kwa sababu uamuzi unaofuata unautegemea. Yetu ilikuwa FAT32, na ripoti ikasema kuna minyororo iliyopotea, ile ambayo jedwali linaitambua lakini hakuna folda inayoitaja. Tulikuwa tunaitarajia. Ndipo tukaandika amri ya kurekebisha:

```
chkdsk E: /f
```

Baada ya muda mfupi likaja swali ambalo watu wengi hulijibu bila kufikiri:

```
Convert lost chains to files (Y/N)?
```

Ukibonyeza N, `chkdsk` huirudisha minyororo yote katika nafasi huru. Flashi inakuwa "safi", hesabu za Properties zinalingana, na picha zako zinabaki bila ulinzi, zikisubiri kufunikwa na faili lijalo. Mtu anayetaka mafaili yake hubonyeza Y. Najua mafundi wanaobonyeza N kwa mazoea, eti kupunguza uchafu, na wateja wao huondoka wakiamini flashi ndiyo iliyowala. Kwa kazi ya kuokoa data hilo ni kosa la kitaalamu, na mteja ana haki ya kuuliza fundi amejibu nini.

Tulipojibu Y, kila mnyororo ukageuzwa faili na kuwekwa katika folda mpya iitwayo FOUND.000. Folda hii hufichwa, ndiyo maana wengine hudhani hakuna kilichopatikana. Inafichuliwa hivi:

```
attrib -h -s E:\FOUND.000
```

Ndani yake mlikuwa na mafaili FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea, 210 kwa jumla. Majina ya asili yalikuwa katika orodha iliyopotea, kwa hiyo hayarudi. Tuliyanakili yote kwenye folda ya kompyuta, si kwenye flashi, na kwa kuwa tulijua zote ni picha za JPEG, tukafungua Command Prompt ndani ya folda hiyo na kuyabadilisha kwa mpigo mmoja:

```
ren *.CHK *.JPG
```

Picha 209 zikafunguka nzima. Ya mwisho ilionyesha nyuso za wanafunzi upande wa juu, na kuanzia mabegani kwenda chini ikawa rangi ya kijivu. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaandikwa flashi ilipochomolewa. Mpangilio nao ukarudi, kwa kuwa kamera huandika tarehe na saa ndani ya picha yenyewe. Tulipanga kwa safu ya Date taken, sherehe ikafuatana kuanzia maandamano ya asubuhi.

Mafaili ya Word yanahitaji subira kidogo zaidi. Faili la CHK hujaza klasta yake ya mwisho hadi ukingoni, kwa hiyo huwa na baiti za ziada mkiani. Picha haijali hilo. Word inaweza kusema faili lina hitilafu na kuuliza kama ilirekebishe. Kubali, kisha hifadhi kwa jina jipya. Ukiwa na mchanganyiko wa aina za mafaili na hujui lipi ni lipi, lifungue moja kwa Notepad uangalie mwanzo wake. Hati ya PDF huanza na herufi `%PDF`, na hati mpya ya Word au Excel huanza na `PK`.

Njia hii imefaulu kwa sababu jedwali la FAT lilikuwa limekwisha kuandikwa, na lile pengo la GB 1.2 ndilo lililotuambia hivyo. Pengo lisipokuwapo, yaani nafasi iliyotumika inalingana na mafaili yanayoonekana, minyororo nayo imepotea na `chkdsk` haitakuwa na cha kuunganisha. Hapo kazi ni ya PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier. Hiyo haitazami orodha wala jedwali. Hupitia flashi kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo; picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Iendeshe juu ya ile nakala, na mahali pa kuweka yaliyookolewa pawe diski ya kompyuta:

```
photorec_win.exe D:\mahafali.img
```

Udhaifu wake ni kwamba hukisia faili limekaa kwa mfululizo. Flashi iliyofutwa na kujazwa mara nyingi huwa na mafaili yaliyogawanyika huku na huku, na hayo PhotoRec inaweza kuyatoa yakiwa na nusu yake au yamechanganywa na mengine. Ndiyo maana FAT32 yenye minyororo mizima naipa `chkdsk` kwanza.

Kwa exFAT geuza utaratibu huo. Mfumo huu ndio unaokuja kwenye kadi za kumbukumbu za GB 64 na kuendelea, na kwa kawaida una jedwali moja tu, bila nakala. Tena, faili lililokaa kwa mfululizo haliandikiwi mnyororo kabisa katika exFAT. Huwekewa alama tu kwamba klasta zake zimetumika. Orodha ya folda ikipotea hakuna mnyororo wa kugeuza kuwa CHK, na ukarabati unaweza kuzitangaza klasta hizo kuwa huru. Basi kwa exFAT chukua nakala, tumia PhotoRec, hakikisha ulichopata, ndipo uiguse flashi kwa `chkdsk /f`. Jambo jema ni kwamba mafaili yaliyokaa kwa mfululizo ndiyo PhotoRec inayoyaokoa vizuri zaidi.

Diski kubwa za nje zenye NTFS hupatwa na folda tupu mara chache, kwa sababu NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyafanya, na jina la faili huandikwa pia katika rekodi ya faili lenyewe. Huko `chkdsk /f` mara nyingi hurudisha mafaili katika folda yake pamoja na majina. Nakala kamili bado ichukuliwe kwanza.

Kuna ambalo haya yote hayawezi. Data iliyokuwa bado RAM wakati wa kuchomoa haikuwahi kufika kwenye flashi, na hakuna programu itakayoipata humo. Itafute ilikotoka. Ukihamisha faili kwa Cut kutoka kadi ya kamera, halipiti Recycle Bin, ila kwenye kadi huwa limefutwa orodhani tu, na PhotoRec huweza kulipata ikiwa kadi haijapigiwa picha nyingine. Kwa hiyo kadi hiyo nayo itolewe kwenye kamera mara moja. Na flashi inayoonyesha ukubwa wa baiti 0, au kusema `No Media`, imeharibika kidhibiti. Hakuna amri ya kuandika hapo, ni fundi mwenye vifaa vya kusoma chipu moja kwa moja.

Mafaili yakishahakikiwa kwa kufunguliwa moja moja na kuwekwa mahali pawili, flashi inaweza kufomatiwa na kurudi kazini. Ikileta folda tupu tena hata baada ya kubonyeza Eject ipasavyo, itupe. Na unapotoa picha kwenye kamera tumia Copy badala ya Cut, bonyeza Eject, chomeka flashi upya uone picha zinafunguka, ndipo ufute zilizo kwenye kadi.